SOMO LA MSIMU WA MVUA: Maji yanachimba daraja kutoka chini. Namna ya kupima shimo na kuchagua mawe ya kulilinda



Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Maji ya mvua yanazama ndani ya mawe hayo, na ndiyo sababu mjini hatuna mto. Lakini maharagwe, viazi, kahawa na jibini tunazoleta sokoni zinatoka ng'ambo ya mito: Rutshuru, ile ya Masisi, na ile yote inayoshuka milimani kuelekea ziwa Kivu upande wa Kalehe. Daraja moja likianguka, mazao yanaozea ku depo na bei inaanguka pamoja nalo.

Watu wengi wanafikiri kilalo kinaanguka juu maji imekisukuma kwa nguvu, ao juu kamioni imebeba mizigo mingi kupita kiasi. Inatokea. Lakini kwa madaraja yenye nguzo katikati ya mto, mara nyingi ugonjwa unaanzia mahali ambapo macho hayafiki: chini ya nguzo, ndani ya maji ya matope. Maji yanachimba udongo unaoshika msingi. Nguzo inabaki bila kitu cha kukanyaga, inainama, na daraja linaifuata.

Somo hili linafundisha mambo matatu: shimo linatoka wapi, namna ya kukisia kina chake kabla ya mafuriko, na namna ya kuchagua mawe ya ulinzi. Halimfanyi mtu kuwa injinieri. Linamsaidia memba kwenda kwa injinieri ao kwa ofisi ya barabara akiwa na vipimo mkononi, si malalamiko tu.

1. Shimo linatoka wapi?

Simama juu ya daraja saa maji imepanda, uangalie upande maji yanatokea. Maji yakigonga nguzo hayawezi kupita ndani yake. Sehemu inazunguka pembeni. Sehemu ingine inateremka kando ya nguzo mpaka chini, kama maji ya mfereji wa nyumba yanavyochimba kishimo mahali yanapoangukia. Yakifika chini, yanajizungusha mbele ya nguzo na kuikumbatia kwa pande zote mbili. Mzunguko huo ndio jembe. Unanyanyua mchanga na changarawe na kuzipeleka chini ya mto.

Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza, shimo linakuwa refu zaidi mbele ya nguzo, upande maji yanatokea. Watu wengi wanaenda kupima nyuma, juu huko maji yametulia, kisha wanasema hakuna shida.

La pili ndilo linalodanganya wengi zaidi. Mafuriko yakianza kushuka, maji yanapoteza nguvu, na mchanga uliokuwa unabebwa unaanguka ndani ya shimo na kulijaza tena. Ukirudi wiki moja kisha, unakuta chini ya mto imekuwa sawasawa kama mbele. Lakini mchanga huo ni laini, haujashikana, na mafuriko yanayofuata yatautoa haraka sana. Kwa hiyo kuangalia mto wakati wa kiangazi na kusema "msingi uko muzima" haitoshi hata kidogo.

2. Daraja lililovumilia miaka 32

Mfano uliochunguzwa vizuri sana unatoka Amerika, ku mto Schoharie, katika jimbo la New York. Daraja hilo la barabara kuu lilijengwa katika miaka ya 1950. Misingi yake haikushuka chini sana, na ilizungushiwa mawe makubwa ili maji yasichimbe. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu kisha kufunguliwa, mafuriko makubwa yalipita na daraja likabaki wima. Watu wakatulia.

Lakini kila mafuriko yaliondoa mawe kidogo, na mawe hayo hayakurudishwa yote. Wakaguzi walikuwa wanaangalia sehemu zinazoonekana juu ya maji. Tarehe 5 Aprili 1987, mto ukiwa umejaa, nguzo moja ilianguka na vipande vya daraja vikaifuata. Magari matano yalitumbukia na watu 10 walikufa. Wachunguzi walikuta shimo la karibu meta 3 kwenye nguzo ile.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, tarehe 30 Januari 1993, gari la moshi la njia ya Nairobi na Mombasa lilitumbukia ndani ya mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, juu maji ya mafuriko yalikuwa yameharibu daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Na sisi wenyewe tunakumbuka Kalehe, Mei 2023, wakati mito ilishuka na matope na mawe makubwa juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na barabara ya Goma-Bukavu ikakatika.

Somo la Schoharie ni hili: daraja likivumilia mafuriko moja, hiyo si cheti cha afya. Pengine mafuriko yale yaliondoa nusu ya ulinzi wake. Na mawe ya ulinzi si kazi ya mara moja. Yanahitaji kuhesabiwa kila mwaka, kama vile unavyohesabu miti ya kahawa iliyokufa na kupanda ingine.

3. Kukisia kina cha shimo

Kitu kinachoongoza kina cha shimo, zaidi ya kingine chote, ni upana wa nguzo, ule upana unaokabili maji. Nguzo nene inasukuma maji mingi kwenda chini, na shimo linakuwa kubwa. Kwa nguzo yenye pua ya mviringo, iliyosimama sambamba na mkondo, injinieri wanatumia kanuni hii ya haraka:

Kina cha shimo = upana wa nguzo × 2.4

Kwa mito ya mlima mukali, ile ambayo maji yake inaruka na kuwa nyeupe saa ya mafuriko, badala ya 2.4 tumia 3.

Tuchukue mfano wa daraja la mashambani lenye nguzo moja katikati. Nguzo ina upana wa meta 1.2 na urefu wa meta 5 kufuata mkondo. Fundi mzee aliyejenga anasema msingi wake unaishia meta 2 chini ya usawa wa mto. Hesabu: 1.2 × 2.4 inatoa karibu meta 2.9. Injinieri akitumia hesabu yake ndefu, ile inayoingiza pia kina cha maji ya meta 2 na mbio ya meta 3 kwa sekonde, anapata karibu meta 2.7. Hesabu zote mbili zinasema neno moja: shimo linaweza kupita chini ya msingi kwa zaidi ya nusu meta. Daraja hili liko hatarini, hata kama leo halina ufa hata mmoja.

Sasa kuna vitu viwili vinavyoongeza hatari, na vyote viwili viko mingi kwetu.

Kwanza, mto unaohama. Nguzo ilijengwa ikifuata mkondo wa zamani, lakini kisha miaka kumi mto umepinda na sasa unaigonga pembeni. Simama juu ya daraja na utazame: kama maji, yakienda meta 4 kando ya nguzo, yanahama pembeni meta 1, hiyo ni pembe ya digri karibu 15. Inaonekana kidogo. Lakini kwa nguzo ambayo urefu wake ni mara nne ya upana, kama hii yetu, pembe hiyo inazidisha shimo mara 1.5. Meta 2.9 zinakuwa karibu 4.3.

Pili, magogo na takataka. Migomba, miti iliyong'olewa na majani yakikwama mbele ya nguzo, kwa maji nguzo imekuwa nene zaidi. Nguzo ya meta 1.2 iliyobeba rundo la meta 2.4 inafanya kazi ya kuchimba kama nguzo nene. Kuondoa magogo kisha kila mvua kubwa ni ulinzi wa bei ndogo kuliko wote, na koperative inaweza kuufanya yenyewe. Lakini ngojeni maji yashuke. Hakuna mtu anaingia mtoni saa ya mafuriko, hata akifungwa kamba.

4. Kuhakikisha kwa kamba na chuma

Hesabu inasema nini kinaweza kutokea. Kipimo kinasema nini kimekwisha kutokea. Vifaa ni viwili.

Cha kwanza ni kamba yenye jiwe ao chuma kizito cha kilo 5 hivi ku mwisho, yenye mafundo kila santimeta 50. Ukisimama juu ya daraja, upande maji yanatokea, ishushe mbele ya pua ya nguzo mpaka iguse chini. Hesabu mafundo kuanzia mahali palepale kila mara, kwa mfano juu ya ukingo wa daraja penye alama ya rangi. Pima kisha katikati ya nguzo mbili, mbali na nguzo yoyote. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kina cha shimo. Andika tarehe, kipimo na hali ya maji ndani ya kaye moja isiyobadilishwa.

Cha pili ni chuma cha betoni cha milimeta 12, urefu wa meta 3 ao 4. Hiki ni cha kiangazi, saa maji iko chini. Mbele ya nguzo, kisukume ndani ya mchanga kwa mikono. Kikiingia kwa urahisi meta 1 na nusu kisha kigonge ardhi ngumu, umepata habari: mafuriko yaliyopita yalichimba mpaka pale, na mchanga laini ulijaza shimo. Fanya hivyo pia meta 10 mbali na nguzo ili ulinganishe. Chuma kikigoma mara moja, usifurahi haraka. Pengine umegonga jiwe moja. Jaribu mahali tano.

Kama kamba ao chuma inaonyesha kwamba shimo limefika usawa wa chini wa msingi, kamioni zisipite tena mpaka injinieri aje. Vilevile mukiona ukingo wa daraja umelala juu ya nguzo moja, ao ufa mpya kichwani mwa nguzo, ao nafasi kati ya vipande vya daraja imefunguka. Hizo ni dalili za mwisho. Saa ile daraja linafungwa siku ileile, hata kwa waenda kwa mguu.

5. Kuchagua mawe ya ulinzi

Ulinzi unaotumiwa zaidi ni blanketi ya mawe makubwa yaliyopasuliwa, yenye pembe, iliyotandikwa kuzunguka nguzo. Uzuri wake ni kwamba inajinyoosha: udongo wa chini ukiondoka kidogo, mawe yanashuka na kuziba. Betoni iliyomwagwa kuzunguka nguzo haiwezi hivyo. Maji yanachimba chini yake na yenyewe inabaki ikining'inia kama sahani juu ya meza isiyo na miguu, kisha inavunjika mara moja. Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe vinafaa mahali mto unabeba mchanga tu. Mito yetu inayoviringisha mawe makubwa inakata waya, na kikapu kikikatika mawe yake madogo yanaenda yote. Mifuko ya mchanga ni dawa ya wiki moja.

Ukubwa wa jiwe unatokana na mbio ya maji. Saa ya mafuriko, tupa kipande cha mti ndani ya mkondo unaokwenda moja kwa moja ku nguzo, na umtume mwenzako ahesabu sekonde. Tuseme kimeenda meta 35 kwa sekonde 10, hiyo ni meta 3.5 kwa sekonde. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Unapata karibu meta 3. Kisha:

Upana wa jiwe kwa santimeta = mbio × mbio × 5

Kwa mfano wetu ni 3 × 3 × 5 = santimeta 45. Kama pua ya nguzo ni ya mraba, weka 6 badala ya 5. Angalieni kwamba mbio inahesabiwa mara mbili: maji yakikimbia mara mbili zaidi, jiwe linalohitajika ni pana mara nne. Ndiyo maana mawe yaliyokaa vizuri miaka kumi yanaweza kwenda yote usiku mmoja.

Hapa kuna jambo la kwetu Goma ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi sana. Kanuni ile ya 5 ni ya jiwe zito, lile ambalo meta kyube moja ina toni 2.65. Mawe mingi ya volkano yana matundu kama mkate. Yanaonekana makubwa, lakini ni mepesi, na ndani ya maji yanakuwa mepesi zaidi. Jiwe lenye toni 2 kwa meta kyube linahitaji kanuni ya 8 badala ya 5. Kwa mbio ileile ya meta 3, ni santimeta 72 badala ya 45. Jiwe zito la santimeta 45 lina kilo karibu 125. Jiwe jepesi la santimeta 72 lina karibu 390, na hakuna kikundi cha vijana kitakachoyapanga kwa mikono.

Kujua jiwe lenu ni la aina gani, tumieni mizani ya kutundika mnayopimia kahawa ao maharagwe. Tafuteni jiwe kavu la kilo 10. Lifungeni kwa kamba, litundikeni kwenye mizani, kisha lizamisheni lote ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini, na msome mara moja. Mizani ikionyesha kilo 6 na zaidi kidogo, jiwe ni zito, linafaa. Ikionyesha kilo 5, ni lile la kanuni ya 8. Ikishuka chini ya 5, liacheni lijenge ukuta wa shamba. Mawe meusi yasiyo na matundu, yale yanayolia kama chuma ukiyagonga na nyundo, mara nyingi ndiyo mazito. Lakini mizani iamue, si sikio.

6. Kuyapanga sawasawa

Blanketi inatoka ku nguzo kwa kila upande angalau mara mbili ya upana wa nguzo. Kwetu ni meta 2.4. Unene wake ni angalau mara tatu ya jiwe, yaani meta 1.35. Kwa nguzo ya meta 1.2 kwa 5, hiyo inafanya karibu meta kyube 71, zaidi ya toni 110. Ni kamioni kumi na moja hivi za toni 10. Afadhali kujua hesabu hiyo mapema kuliko kuleta kamioni mbili na kudanganyika.

Kabla ya mawe, tandika chini tabaka la changarawe ya santimeta 20. Bila hiyo, maji yanafyonza mchanga kupitia nafasi za mawe makubwa na blanketi inazama kidogo kidogo.

Na uso wa mawe uwe sawa na usawa wa mto, usipande juu. Kilima cha mawe kuzunguka nguzo kinaifanya nguzo kuwa nene, na tumeona nguzo nene inafanya nini. Maana yake lazima kuchimba kwanza, wakati wa kiangazi, upande mmoja kwa mara moja. Kuchimba kando ya msingi kunaweza kuangusha daraja lenyewe, kwa hiyo hatua hii haifanyiki bila injinieri.

Kisha kazi, linda mawe. Mtu akiona mawe mazuri karibu na barabara, anayachukua kujengea nyumba. Na wanaochota mchanga na changarawe chini kidogo ya daraja wanashusha usawa wa mto wote, mpaka msingi wa meta 2 unabaki na meta 1. Koperative iweke mpaka wa kuchota, na mkaguzi wa daraja awe na jina, si "watu wote".

Mwisho, mawe yanatibu daraja la zamani. Daraja jipya dawa yake ni msingi unaoshuka chini kupita shimo lililokisiwa. Wakija kuwaonyesha mpango wa kilalo kipya, swali lenu la kwanza liwe: shimo mmelikisia meta ngapi, na msingi unaishia wapi?

Maswali ya kuzungumza mu kikundi

1. Daraja ambalo mazao yetu yanapitia lina nguzo ya upana gani? Zidisheni kwa 2.4. Nani kati ya wazee anajua msingi unaishia wapi?
2. Mkondo unagonga nguzo mbele ao pembeni? Je, ulikuwa hivyo miaka kumi iliyopita?
3. Mawe ya karibu nasi yanaonyesha kilo ngapi ndani ya ndoo?
4. Nani atashika kamba, nani atashika kaye, na nani ana ruhusa ya kufunga daraja usiku?